YAH: KUVUJA KWA TAARIFA ZA WATEJA WETU WA VIWANJA

Dodoma, 14 Agosti 2025

Kwa wateja wote wanaolipia viwanja vya Nala, Ihumwa na Iyumbu

Ndugu mteja,

Kama umepata meseji inayokutaka ulipe salio la kiwanja chako kwenye namba mpya, tafadhali usilipe. Akaunti yetu ya benki ni ile ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa pili wa mkataba wako. Haijabadilika na hatuna mpango wa kuibadilisha.

Taarifa zako tulizokuwa tunazitunza zimeangukia mikononi mwa wahalifu. Una haki ya kujua zimefikaje huko, kwa hiyo tunaeleza yote tuliyokwisha kuyathibitisha.

Jumatano ya tarehe 6 Agosti, idara yetu ya uhasibu ilipokea barua pepe iliyoonekana kutoka kwa mteja, ikisema risiti ya malipo imeambatanishwa. Linki yake ilifungua ukurasa unaofanana na ule tunaoutumia kuingia kwenye barua pepe, na mtumishi wetu akaandika nywila. Akaunti hiyo haikuwa imewekewa uthibitisho wa hatua mbili, kwa hiyo nywila peke yake ilitosha kumwingiza mhalifu. Alipoingia, aliweka maagizo ya siri ili kila barua inayofika kwetu ipelekwe nakala kwake. Ijumaa ya Nanenane, ofisi ikiwa imefungwa, alipakua mafaili mawili.

Tuligundua Jumatatu asubuhi, tarehe 11, baada ya mteja wetu mmoja wa Ihumwa kupiga simu kuulizia ujumbe alioupata WhatsApp. Tunaunukuu hapa, tukiwa tumeondoa jina na namba ya kiwanja, ili uutambue ukikufikia:

"Habari za leo ndugu. Salio lako la kiwanja ni 1,850,000. Ofisi inafunga hesabu za mwezi, ukilipa 350,000 kabla ya saa 10 jioni unasamehewa faini. Akaunti ya benki ina tatizo, tuma kwa namba hii, jina litatoka la mhasibu."

Salio lilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Wote tumezoea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wetu tunazifuta bila hata kuzimaliza. Hii si ya aina hiyo. Anayeiandika anakujua kwa jina, anajua kiwanja chako kiko kitalu gani na unadaiwa kiasi gani. Kuanzia sasa, mtu kukutajia mambo hayo kwa usahihi si uthibitisho kwamba ametoka kwetu.

Faili la kwanza ni jedwali la wateja 412 wanaolipa kwa awamu. Lina majina, namba za simu, namba za NIDA, namba za viwanja, kiasi kilicholipwa na salio. La pili lina nakala za mikataba ya wateja 37 waliosaini mwezi Juni na Julai. Humo mna picha za pasipoti, sahihi, na majina na simu za ndugu walioandikwa kama watu wa karibu. Hao 37 tunawapigia mmoja mmoja wiki hii, na tunawaomba wawatahadharishe ndugu zao pia, kwa kuwa nao wanaweza kupigiwa.

Namba za siri za simu na za benki hazimo, kwa sababu hatujawahi kuzichukua kwa mteja yeyote. Mikataba halisi iko kwenye sefu ofisini na haijaguswa. Mtaalamu wa mifumo tuliyemwita amekagua kompyuta zote za ofisi, na hakuna dalili kwamba mhalifu alitoka nje ya akaunti ile moja.

Jumatatu hiyo hiyo tulibadilisha nywila zote, tukafuta maagizo yale ya siri na kuwatoa wote waliokuwa wameingia kwenye akaunti. Sasa kila akaunti ya ofisi inahitaji uthibitisho wa hatua mbili. Tumefungua jalada polisi, tumeitaarifu benki yetu, na tumetoa taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mikataba haitatumwa tena kwa barua pepe, na majedwali ya wateja hayatakaa humo.

Wateja wawili walikuwa wameshatuma fedha kabla hatujajua. Fedha zao tumezihesabu kama zimelipwa kwetu, na salio lao limepunguzwa. Hasara hiyo si yao kuibeba. Kama nawe ulituma kabla ya tarehe ya barua hii, njoo na simu yenye ujumbe huo na ule wa muamala, tutafanya vivyo hivyo. Pia piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, haraka uwezavyo, kwani fedha ikiwa haijatolewa kwa wakala bado inaweza kuzuiwa.

Jambo linalotupa wasiwasi zaidi ni namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo aliyeipata anaijua pia tarehe yako ya kuzaliwa, ambayo ni moja ya maswali unayoweza kuulizwa kuthibitisha kuwa wewe ndiye wewe. Piga *106# kwenye simu yako uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika wakaifute. Laini yako ikikata mtandao ghafla na jirani yako wa mtandao huo huo anapata, usingoje hadi kesho. Huenda kuna mtu ameirudisha kwenye kadi nyingine, na laini ndiyo mlango wa pesa zako.

Meseji za utapeli zitume kwenda 15040, pamoja na namba iliyozituma. Usizifute kabla hujatuonyesha, zinasaidia polisi.

Kuhusu kiwanja chenyewe, nakala ya mkataba haimpi mtu umiliki. Hata hivyo, tapeli anaweza kuitumia kumshawishi mnunuzi asiyejua. Ukisikia kiwanja chako kinatembezwa na madalali, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na utupigie siku hiyo hiyo. Mwenye hati tayari anaweza kuomba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi kuhakikisha hakuna kilichobadilika.

Tunawaomba sana wenye wazazi wanaolipia viwanja, hasa walioko Hombolo, Mpunguzi na vijiji vingine, mkae nao muwasomee barua hii. Sauti ya upole kwenye simu humpata mzee kirahisi kuliko meseji.

Kwa makusudi hatukuandika namba ya simu hapa, maana barua ya namna hii nayo inaweza kughushiwa. Tumia namba iliyo kwenye mkataba au kwenye risiti yako ya zamani. Mtumishi wetu akikupigia hatakuomba fedha, namba ya siri wala namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Ukiwa na shaka, kata simu, kisha upige wewe. Usipoturidhia, unaweza kupeleka malalamiko yako kwa Tume moja kwa moja.

Tunawaomba radhi kwa dhati. Mlitukabidhi taarifa hizi mkiamini ziko salama.

Ofisi yetu ya Area C itakuwa na dawati maalumu la jambo hili Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Jumapili ya tarehe 17 Agosti tutafungua saa 7 mchana kwa wanaotoka mbali. Njoo na kitambulisho na nakala yako ya mkataba.

Wako,

Mkurugenzi Mtendaji