Taarifa ya Mafunzo ya Utunzaji wa Chanjo kwa Watumishi wa Zahanati Sita

Kwa: Mkurugenzi wa Huduma za Afya
Kutoka: Mratibu wa Chanjo
Nakala: Waganga wafawidhi wa zahanati zote sita
Tarehe: 16 Juni 2025
Yah: Mafunzo ya mnyororo baridi yaliyofanyika Ifakara, tarehe 11 na 12 Juni 2025

Jambo la dharura kabla ya yote

Ndugu Mkurugenzi, naomba usome aya hii hata kama huna muda wa kusoma taarifa nzima leo. Wakati wa mafunzo tumegundua kwamba friji la chanjo la moja ya zahanati zetu, ile ya kando ya mto, liligandisha chanjo kwa usiku saba, kuanzia tarehe 3 hadi 9 Juni. Chanjo zinazoharibika kwa kuganda tumezitenga na kuzibandika maandishi USITUMIE. Hata hivyo, rejesta inaonyesha watoto 14 walichanjwa penta kutoka kwenye friji hilo katika siku hizo. Nimemjulisha mratibu wa chanjo wa wilaya kwa simu tarehe 12 jioni, na leo nimempelekea maelezo kwa maandishi. Uamuzi wa kuwarudia watoto hao ni wake. Majina na vijiji vyao tunavyo, na muuguzi mfawidhi wa pale yuko tayari kuwafuata mmoja mmoja.

Nani walikuwepo

Walihudhuria watumishi 19: waganga wafawidhi 6, wauguzi 11, mtunza ghala wetu, na mlinzi mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha. Huyu alitumwa na zahanati yake kwa sababu muuguzi wa pili alikuwa zamu ya uzazi. Nilitaka kumrudisha, na nashukuru sikufanya hivyo.

Tulimwomba kila mmoja aje na chati za joto za miezi mitatu pamoja na kile kifaa cha kurekodi joto cha siku 30 kinachokaa ndani ya friji. Hatukuandaa mifano ya kubuni. Tulitaka watu wajifunze kwa friji zao wenyewe.

Tulichojifunza

Kubwa kuliko yote ni hili: watumishi wetu wanaogopa joto, na katika kulikimbia joto wanagandisha chanjo.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Bonde la Kilombero ni la joto, umeme hukatika, na tangu chuoni kila muuguzi amefundishwa kutazama kimraba kilicho ndani ya duara kwenye chupa. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, chanjo inatumika. Kikifanana na duara au kikiwa cheusi zaidi, inatupwa. Wote 19 waliliweza swali hilo bila shida. Tulipouliza kama kimraba hicho kinaonyesha pia chanjo iliyoganda, watu 13 walijibu ndiyo. Jibu ni hapana. Kimraba kinasoma joto tu. Chupa ya penta inaweza kuganda usiku na kuyeyuka asubuhi, na kimraba chake kikabaki cheupe kama siku ilipotoka kiwandani. Mtoto anachomwa, analia, kadi inaandikwa, mama anarudi nyumbani na moyo mweupe, lakini kinga haikujengeka inavyotakiwa.

Siku ya kwanza mchana tulisoma vifaa vya joto mezani, kimoja baada ya kingine. Vitano vilikuwa salama. Cha sita kilionyesha alama ya hatari ya baridi kwa usiku saba mfululizo. Alama hiyo hutokea joto likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri na kubaki hapo kwa saa nzima. Chati ya karatasi ya friji hilohilo, kwa siku zilezile, ilikuwa imeandikwa 4 asubuhi na 4 jioni, kila siku.

Ukumbi ulinyamaza. Niliona dada yetu anayehusika ameinamisha kichwa, nikaomba tusimhukumu kabla ya kumsikiliza. Alieleza kwa ujasiri. Alama ya hatari aliiona tarehe 4. Akadhani ni hatari ya joto, kwa hiyo akapandisha namba ya kitufe cha friji kutoka 4 hadi 6 ili "kupunguza joto". Katika friji lile, namba kubwa ndiyo baridi kali. Alama haikuondoka, akahofia ataonekana mzembe, akaendelea kuandika 4.

Hapo sharti niseme la kwangu. Chati zilizojaa 4 mwezi mzima nimezisaini mara mbili mwaka huu nilipofanya usimamizi. Hakuna friji linalokaa nyuzi 4 asubuhi na jioni siku 30 bila kupanda wala kushuka. Nilipaswa kuuliza, na sikuuliza.

Siku ya pili tulifanya jaribio la kutikisa, na hili ndilo somo ambalo kila mshiriki amelitaja kwenye fomu ya maoni. Usiku tulikuwa tumegandisha kwa makusudi chupa moja ya penta kutoka ghala letu, ya kiwanda kilekile na bechi ileile, hadi ikawa barafu tupu. Asubuhi tuliiyeyusha. Chupa ya mashaka kutoka zahanati ya kando ya mto ililetwa na bodaboda ndani ya kasha la kubebea chanjo. Mshiriki mmoja alizishika zote mbili kwa mkono mmoja, akazitikisa pamoja, akaziweka mezani kwenye mwanga, nasi tukatazama kwa nusu saa. Chanjo isiyoganda hubaki na ukungu sawasawa na hutua polepole. Iliyoganda hufanya vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, ikatua haraka na kuacha maji maangavu juu. Chupa zetu mbili zilitua pamoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa matokeo.

Mambo yaliyosisitizwa kuhusu jaribio hilo: chupa iliyokutwa ni barafu haijaribiwi, inatengwa moja kwa moja. Chanjo ya polio ya sindano haifai kwa jaribio hili, hivyo ikishukiwa kuganda haitumiki. Za pepopunda na nimonia hujaribiwa kila moja na chupa ya aina yake. BCG, surua-rubela na polio ya matone haziharibiwi na kuganda, ila maji ya kuchanganyia BCG na surua-rubela yasigandishwe kamwe.

Tuligusa pia pakiti za barafu. Zahanati nne kati ya sita zilikuwa zinazitoa kwenye friza na kuzipanga papo hapo ndani ya kasha siku ya mkoba, yaani tunapokwenda kuchanja vijijini. Pakiti inatakiwa iachwe nje hadi itoe jasho, na ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Tulizitoa saa 3 asubuhi ili kila mmoja aisikie kwa sikio lake.

Suala la chupa zilizofunguliwa lilichukua muda kuliko nilivyopanga, kwa kuwa linawaumiza. Penta iliyofunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28 ikitunzwa vizuri. Surua-rubela na BCG zikishachanganywa hazikai zaidi ya muda wa saa 6, au mwisho wa kliniki, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo akija mtoto mmoja, muuguzi anaogopa kufungua chupa ya dozi 10 na kumwambia mama arudi Alhamisi. Mganga mmoja alisema, "Mama ametembea saa mbili na mtoto mgongoni. Hiyo Alhamisi hatarudi." Tulikubaliana kwamba mtoto aliyefika achanjwe. Dozi zinazomwagwa tutaziandika na kuzitolea maelezo.

Kuhusu mlinzi. Tulipokuwa tunajadili nani afanye nini umeme ukikatika usiku, aliomba nafasi na kusema, "Mimi ndiye ninayelala na hilo friji. Ninyi mnaondoka saa tisa na nusu." Akaeleza kwamba umeme ukirudi huwa anachomoa na kuchomeka plagi "kuliamsha", na kwamba usafi ukifanyika plagi huchomolewa kupisha chaja ya simu. Hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo. Miaka yote tumewafundisha wanaoondoka saa tisa na nusu.

Maoni ya washiriki

Katika jaribio la maswali 15, wastani ulikuwa 8 kabla ya mafunzo na 13 baada yake. Naufurahia, ingawa swali la namba ya kitufe bado lilikosewa na watu wanne, na hao nitaanza nao kwenye ufuatiliaji.

Wengi walisema siku mbili hazikutosha kwa vitendo na kwamba mada ya historia ya chanjo ingeweza kuachwa. Wana haki, ilikula saa nzima na haitarudiwa. Ukumbi ulikuwa na joto na feni moja ilikuwa mbovu. Nauli zilichelewa kulipwa hadi jioni ya siku ya pili, na wawili walilazimika kukopa ili wafike kwao. Hilo ni letu, na naomba lisijirudie.

Muuguzi mmoja aliandika bila kutaja jina: "Nikiripoti kwamba chanjo zimeganda, nitakatwa mshahara?" Swali hili linahitaji jibu lako, siyo langu.

Hatua zinazopendekezwa

Naomba utoe waraka mfupi wiki hii, wenye saini yako, kwamba mtumishi anayeripoti hitilafu ya friji hataadhibiwa kwa kuripoti. Bila waraka huo, chati zitaendelea kuwa 4.

Kufikia tarehe 20 Juni, kila friji libandikwe karatasi inayoonyesha namba ipi ni baridi zaidi kwa friji hilo, kwa maana si yote yanafanana. Kitufe kirekebishwe na mganga mfawidhi peke yake, na kisiguswe baada ya umeme kukatika wala baada ya kupokea chanjo mpya. Nitakayekagua ni mimi.

Plagi ya friji ifungwe kwa boksi na soketi ya pili iwekwe kwa ajili ya simu. Fundi wetu amekadiria shilingi 45,000 kwa zahanati moja, jumla shilingi 270,000.

Walinzi na wahudumu wa usafi wa zahanati zote wafundishwe kwa saa mbili, palepale kituoni, kati ya tarehe 23 Juni na 4 Julai. Yule mlinzi amekubali kuongozana nami kuwaelekeza wenzake, nami naomba alipwe posho sawa na mwezeshaji.

Friji la zahanati ya kando ya mto lisirudishiwe chanjo hadi lisomeke kati ya nyuzi 2 na 8 kwa siku saba mfululizo. Kwa sasa akina mama wanaelekezwa zahanati ya njia panda, na siku ya Jumanne tunapeleka mkoba kijijini ili mvua au umbali visiwazuie.

Muuguzi wa zahanati hiyo aendelee na kazi yake ya chanjo. Baada ya siku hizi mbili, katika watumishi wote 19, sidhani yupo atakayelitazama friji kwa makini kumshinda.

Taarifa ya ufuatiliaji, pamoja na usomaji wa vifaa vyote sita vya joto, nitakuletea tarehe 15 Agosti 2025.