Utaratibu wa Kazi: Kuzima, Kupima na Kuwasha Tena Bodi Kuu ya Umeme, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa

Jumapili, 14 Juni 2026, saa 12:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Bodi kuu BK-1, volti 400, breka kuu ya ampea 1000, inalishwa na transfoma ya kVA 630. Umeandikwa na msimamizi wa kazi.

Sababu

Picha za joto zilionyesha ungio la fezi ya pili, tawi la vyumba vya upasuaji, lina nyuzi joto 94 huku maungio ya jirani yana 51. Ungio likilegea hupata joto, na likipata joto huzidi kulegea. Tulizime sisi tukiwa tumejipanga, lisije likatuzimia mgonjwa akiwa mezani.

Wagonjwa

Bodi ya dharura inabeba wagonjwa mahututi, upasuaji, watoto njiti, benki ya damu na friji za chanjo. Saa 11:15 alfajiri itahamishiwa jenereta ya kukodi ya kVA 250, kwa kebo isiyopita BK-1. Ya pili kama hiyo itakuwa pembeni, imeshaungwa. Jenereta ibebe mzigo nusu saa kamili. Ikiyumba, kazi inaahirishwa siku hiyohiyo bila mjadala.

Mtambo wa oksijeni utasimama, hivyo wodi zihamie kwenye mitungi mapema. Fundi wa vifaa tiba atakagua betri ya kila mashine ya kupumulia, na mfuko wa kupumulishia kwa mkono uwe kitandani, pamoja na muuguzi anayejua kuutumia. Hakuna upasuaji wa kupangwa wala usafishaji damu asubuhi hiyo. Matroni wa zamu atasaini wodi kwa wodi baada ya kuona kwa macho yake. Saini moja ikikosekana, breka haiguswi.

Kutenga

BK-1 inaweza kupata umeme kutoka sehemu tano: TANESCO, jenereta kuu kupitia chenjiova, inveta ya sola ya paani, kapasita, na bodi ya dharura yenyewe, ambayo asubuhi hiyo ina umeme wa jenereta ya kukodi. Hiyo ya tano ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu tumezoea kuiona kama mzigo. Breka ya tawi lake ifungwe kufuli pande zote mbili.

Zimeni matawi kwanza, kisha breka kuu, muivute nje ya nafasi yake na kuipiga kufuli. Mafundi wa TANESCO watashusha fyuzi za upande wa volti kubwa na kutukabidhi taarifa kwa maandishi. Chenjiova iwe nafasi ya kuzima na jenereta kuu itolewe nyaya za betri. Inveta izimwe pande zote mbili. Kila fundi ana kufuli lake na ufunguo wake mfukoni. Hakuna kumfungulia mwenzako, hata akiwa ameenda chai.

Subirini dakika 10 kapasita zipungue. Pimeni tesita kwenye chanzo chenye umeme, pimeni bodi, kisha rudini kupima tesita pale pale. Pointi ni kumi: fezi kwa fezi tatu, fezi kwa nyutro tatu, fezi kwa ethi tatu, na nyutro kwa ethi. Taa iliyozimika si ushahidi. Baada ya hapo fungeni nyaya za muda za ethi, na kibali cha kazi kisainiwe.

Kazi na vipimo

Ungio lifunguliwe, baa za shaba zisafishwe, bolti na washa ziwe mpya. Bolti za M12 zikazwe Nm 70, kama kitabu cha bodi hii kinavyotaka, zichorwe alama ya rangi. Ukinzani wa ungio ulinganishwe na fezi nyingine mbili.

Kabla ya mega, ondoeni nyaya za ethi, mita, vizuia radi na kiungo cha nyutro na ethi. Tumieni volti 500. Kiwango cha chini ni MΩ 1, lakini baa safi zikisoma chini ya MΩ 100 nataka kujua sababu kwanza.

Saa 4:30 tunaamua. Kama bado kuna kitu kimefunguliwa, hatuanzi kipya, tunarudisha.

Kuwasha

Rudisheni kila kilichoondolewa isipokuwa nyaya za muda za ethi, hesabuni spana, ondoeni kufuli kila mtu lake. TANESCO wakirudisha fyuzi, pimeni volti na mpangilio wa fezi kabla ya breka kuu. Fezi mbili zikibadilishana, pampu za maji zitazunguka kinyume. Breka kuu iwashwe bila mzigo, isikilizwe dakika 10, kisha matawi moja moja, ya mota mwisho.

Bodi ya dharura irudi kwa ruhusa ya matroni, jenereta ya kukodi ikiendelea kuunguruma saa moja zaidi. Chenjiova irudishwe otomatiki na ijaribiwe. Saa 8:00 mchana, bodi ikiwa na mzigo, ungio lile lipigwe picha ya joto. Picha hiyo iambatanishwe na fomu ya makabidhiano.