Mahameli ya Harusi ya Februari

Kijana alikitua kifurushi juu ya meza ya kukatia, akaitandaza mwenyewe ile mahameli nyekundu aliyoinunua asubuhi hiyo katika Barabara ya Biashara. Alitaka dada yake ashonewe gauni la usiku wa kupamba, lenye mikono mirefu na mkia. Na kwa kuwa baba yao alikuwa ameshafariki, mambo yote ya harusi yalipitia mikononi mwake.

"Nguo ni nzuri, sina la kuitia kasoro," fundi alisema. "Lakini harusi ni Februari, mwanangu, kaskazi ikiwa imekaza."

"Ukumbini kuna feni, fundi."

Fundi hakubishana naye. Alizima feni ya duka, akamfunika kijana mabegani kwa mikunjo miwili ya mahameli, kisha akarudi kwenye cherehani kumalizia pindo la kanzu ya mteja mwingine. Hata upande mmoja wa pindo haujakwisha, kijana alikuwa akijifuta shingo kwa leso. Ndipo fundi alipomwonyesha mahali alipokuwa ameegemeza kiwiko: manyoya laini ya kitambaa yalikuwa yamelala, na doa la kung'aa limebaki.

"Biharusi atakaa kitini akitazamwa kwa saa nzima na zaidi. Akisimama, nyuma kote kutakuwa hivi, na ukiipiga pasi usoni ndiyo utaiharibu kabisa."

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema lililokuwa moyoni. "Shangazi zangu watasema nimeona uchungu wa pesa kwa sababu baba hayupo."

Neno hilo, nadhani, ndilo lililokuwa zito kuliko mahameli yenyewe, na fundi alilipokea kwa adabu. Alishusha jora la shifoni nyekundu, akalikunja marinda juu ya satini laini, akaliachia lishuke kutoka ukingo wa meza hadi sakafuni. Alieleza kwamba shifoni, kwa kuwa ni nyepesi, hukubali marinda mengi na kufuata hatua za mvaaji, ilhali mahameli ikikunjwa hivyo humvimbisha. Kwamba marinda hayo hula yadi nyingi, tena hudai bitana, hivyo hakuna atakayeiita nguo ya rahisi. Na kwamba fahari aliyoitaka ingewekwa shingoni na kwenye vikono kwa nakshi ya uzi wa dhahabu, mahali ambapo macho ya wanawake hutua kwanza.

"Na mwenye duka akikataa kuirudisha hii?"

"Haijaguswa na mkasi. Akikataa, itatosha kufunika kiti cha biharusi."

Kijana alicheka, akaanza kuikunja. Alishikilia sharti moja tu, kwamba wekundu uwe ule ule.

"Utakuwa," fundi alisema. "Mlete dada yako kesho baada ya alasiri, mke wangu ampime."