Mesej kwa kliniki: choo kigumu tangu Machi na damu kwa tishu

Habari ya asubuhi daktari na sista wa mapokezi. Mimi ni Mama Baraka, yule fundi wa nguo wa Kibuye, faili yangu iko hapo kwenu tangu nilipoleta mtoto wa mwisho chanjo. Niko na miaka 43. Naomba msome hii mesej yote hata kama ni refu, ju mwezi wa 8 nilikuja hapo nikiwa nimepanga kusema kila kitu, nikafika ndani nikasema tu "tumbo inanisumbua" nikapewa dawa ya asidi nikaenda. Hiyo siwalaumu, mlitibu kile nilisema. Nimeona afadhali niandike nikiwa nimetulia ndio nikikaa kwa kiti chenu hakuna kitu nitameza.

Shida ni choo. Tangu Machi mwaka huu nafunga choo. Mbeleni nilikuwa mtu wa kila asubuhi, nikimaliza tu chai naenda, dakika mbili nimemaliza. Saa hii naenda baada ya siku tatu ama nne, na kuna wiki moja ya Septemba nilikuwa nashona yunifomu za shule usiku na mchana nikakaa siku sita. Kikitoka kinatoka vidonge vidonge vigumu kama mavi ya mbuzi, ama kinakuwa kikubwa kigumu hadi nashika ukuta nikisukuma, na nikimaliza naskia bado kuna kitu imebaki ndani. Tumbo inajaa hewa hasa jioni, inauma chini upande wa kushoto, lakini nikienda choo inapoa.

Damu ilianza mwisho wa Juni. Naiona kwa tishu nikijipangusa, ni nyekundu kabisa, si nyeusi, si ya kuganda, na haijachanganyika na choo, iko juu juu. Mara nyingi ni kidogo, saizi ya kifungo cha shati. Siku hizo naskia uchungu kama wembe imepita hapo kwa mlango na inaendelea kuchoma hata nusu saa nikiwa nimeshakaa kwa cherehani. Pia kuna kakitu laini kama punje ya maharagwe kanatoka nikisukuma sana, alafu kanarudi kenyewe. Majirani wanaita hiyo bawasiri na inaeza kuwa ni hiyo, lakini hakuna mtu amewahi kuniangalia kwa hivyo mimi nasema tu venye naona.

Kuna kitu nataka mjue kuhusu hiyo damu. Nyumbani Manyatta tunatumia choo cha shimo, tuko nyumba sita kwa choo moja, kwa hivyo kile kinaanguka chini sikioni, naona tu tishu. Mwisho wa Septemba nilienda Nakuru kwa dada yangu huko Section 58, yeye ako na choo ya kuflashi, ndio nikaona matone matatu manne kwa bakuli na maji imekuwa ya waridi. Nilishtuka ju sijui kama imekuwa hivyo siku zote na mimi nilikuwa nahesabu tu ya tishu. Kwa hivyo nikisema damu ni kidogo mchukue hivyo, ni kidogo kwa kile naeza kuona.

Tangu tarehe 1 Septemba nimekuwa nikiandika nyuma ya kile kitabu changu cha vipimo vya wateja. Siku ya choo naweka mstari, siku ya damu naweka nukta na kalamu nyekundu. Hadi jana ni wiki kumi. Nimeenda choo mara 21 na damu nimeona mara 7. Mara sita ilikuwa choo kigumu baada ya siku tatu kwenda juu na uchungu ilikuwepo. Lakini hiyo moja, tarehe 30 Oktoba, choo ilikuwa laini kabisa ju nilikuwa nimekunywa dawa ya kuendesha, sikuskia uchungu wowote, na damu bado ilikuwepo. Hiyo moja ndio imenifanya niache kungoja, ju yote ingine nilikuwa najielezea kwamba ni kuchanika tu ya ugumu. Kitabu nitakuja nacho.

Sasa dawa, nitasema zote. Februari nilipimwa damu huko kwingine nikaambiwa iko chini, ilikuwa 8.9, nikapewa vidonge vya kuongeza damu vya madini ya chuma, kimoja mara mbili kwa siku. Niliambiwa vinaeza kufanya choo ikuwe nyeusi na igumu na kweli choo ilianza kusumbua wiki kama tatu baada ya hapo. Mwisho wa Mei nikaacha. Choo ikapata nafuu kidogo, nikawa naenda kila siku ya pili, alafu Julai ikarudi kuwa ngumu na mimi sikuwa nimegusa hivyo vidonge. Na ile damu ya kwanza ya Juni ilikuja pia nikiwa nimeacha. Agosti nikapima tena ikawa 9.4, nikaanza vidonge upya na bado naendelea, kimoja kwa siku. Kwa hivyo naona vidonge vinachangia lakini si vyenyewe pekee yake, ama vipi daktari? Na swali lenye linanisumbua zaidi ni hili, damu yangu iko chini ju ya hedhi nzito (ni nzito kweli, siku sita, na siku ya pili nabadilisha kila saa mbili) ama kuna ile inatokea huku nyuma pia? Sijawahi kuuliza ju wale walipima damu sikuwaambia maneno ya choo, na kwenu nikasema tumbo tu.

Zingine ni daiklofenaki ya mgongo, nameza kama mara mbili kwa wiki, hasa msimu wa kazi nyingi. Dawa ya asidi mlinipa niliimaliza. Ya kuendesha ni bisakodili kutoka kwa kemisti, miligramu 5, nimemeza kama mara nane tangu Julai, inakata tumbo vibaya usiku, asubuhi natoa kila kitu, alafu siku nne zinazofuata hakuna kitu. Na mama mkwe alinipa maji ya ogaka, hii alovera, nikanywa wiki mbili mwezi wa 7, ni chungu, iliendesha kidogo na kuuma tumbo nikaacha. Sitaki muulize mkinifokea, nasema tu ndio mjue nini imepita kwa mwili. Sina presha, sina sukari, sina mzio wa dawa najua. Nimezaa mara tatu kawaida, mtoto wa mwisho ako miaka sita.

Chakula si mbaya vile. Ni ugali jioni, ya unga ya pakiti ile nyeupe, na sukuma ama osuga ama omena. Mchana ndio shida, ni chai na mandazi pale sokoni. Maji nakunywa kidogo sana, ukweli ni kama glasi mbili mchana mzima, ju choo cha soko ni shilingi 10 kila ukiingia, laini ndefu, na saa zingine hakuna maji, kwa hivyo tumezoea kutokunywa na kujizuia. Nikiskia choo saa nne asubuhi na niko na mteja namwambia mwili ingoje, nikifika nyumbani saa moja usiku hamu imeisha. Nafikiri hii ya kujizuia imeniharibu zaidi ya chakula. Tangu wiki mbili zilizopita nimeanza kubeba chupa ya maji ya lita moja na papai, na uji wa wimbi asubuhi, imesaidia kidogo tu.

Vitu sina: sitapiki, sina homa, tumbo hainiamshi usiku, choo nyeusi ni wakati wa vidonge tu. Uzito sina mizani lakini mimi ni fundi, kiuno changu nilijipima Januari inchi 36 na jana ni 36. Nachoka, nikipanda ngazi za stendi moyo unapiga, lakini hiyo ilikuwa tangu damu iwe chini.

Alafu kuna hii yenye sijawahi kusema hospitali yoyote. Kaka yangu mkubwa, tumetoka tumbo moja, alipatikana na saratani ya utumbo mkubwa akiwa miaka 49. Alifanyiwa oparesheni na mpaka saa hii anatembea na mfuko kwa tumbo, yuko nyumbani Siaya, anaendelea vizuri anafuga kuku. Yeye pia alianza na damu na akakaa nayo mwaka mzima akisema ni bawasiri. Siogopi kupita kiasi, nalala, nafanya kazi. Lakini najua nikiwaficha hii nitakuwa nimewanyima kitu mnahitaji.

Kwa hivyo kile naomba ni kuangaliwa, si kuandikiwa dawa kwa mlango. Nimeshajiandaa kwa roho kwamba mtaangalia hapo nyuma, hata kwa kidole, sitakataa. Kama kuna daktari mwanamke siku hiyo nitafurahi, kama hakuna yeyote ni sawa, nitaomba tu sista akuwe ndani. Na kama mtaona nahitaji ile kamera ya utumbo mniambie wazi na mniandikie barua ya kwenda Rasha ama kwingine kule wanafanya, nianze kupanga pesa na mtu wa kukaa na kazi. Niko kwa SHA na nimelipa, mniambie tu kama inashika hapo kwenu ama nije na pesa, na ni kama ngapi ndio nisifike nikarudi.

Jumatano ndio siku nzuri kwangu, asubuhi kabla ya saa nne. Jumamosi na Jumapili siezi, soko inajaa. Mkiweza mniambie pia haya: niendelee na vidonge vya damu hadi nije ama nisimame, nibebe choo kwa kile kikopo ama mtanipea hapo, na kama kupima damu kunahitaji nisikule. Bisakodili nimeacha tangu ile tarehe 30 ndio mnikute venye niko.

Hii namba ni yangu pekee yangu, andikeni chochote bila kuogopa, lakini msipige mchana ju nakaa na wateja karibu na sitaweza kuongea haya maneno. Mkipiga ikuwe baada ya saa moja usiku. Nikiona damu nyingi kabla ya hapo ama nikiskia kizunguzungu ya kuanguka sitangoja jibu, nitakuja moja kwa moja na pikipiki.

Asanteni sana. Nitaangalia simu saa saba nikikula.

Mama Baraka, Kibuye
Jumatatu 10 Novemba