Muhtasari wa lekcha: Ini, umbo lake, damu yake na kazi zake

Darasa: utabibu mwaka wa kwanza, Mwanza. Jumanne saa 2:00 asubuhi mpaka saa 4:00, ukumbi mdogo karibu na maabara. Njooni na kalamu nyekundu na bluu maana tutachora sana. Grupu la tatu wataleta ini zima la ng'ombe kutoka bucha, na tafadhali mwambieni muuzaji asilikate wala asitoe mfuko wa nyongo.

Kabla hatujaanza, shikeni hili moja: ini linapokea damu kutoka sehemu mbili, moyoni na utumboni. Ukilielewa hilo, umbo na kazi na hata magonjwa yake yanajipanga yenyewe, ukiliacha utabaki unakariri majina tu na mtihani ukibadilishwa kidogo umekwama.

1. Liko wapi, limekaaje (dakika 25)

- Kilo 1.4 hadi 1.5 kwa mtu mzima. Upande wa kulia juu ya tumbo, chini ya kiwambo, na ncha yake inavuka katikati kuelekea kushoto. Juu linafika usawa wa ubavu wa 5 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa imefichwa na mbavu, na ndo maana mtu akichomwa kisu kifuani chini upande wa kulia usifikirie mapafu peke yake.
- Vitendo wawili wawili: gonga kwa kidole kuanzia chini ya mtulinga kulia ukishuka taratibu, sauti ikibadilika ikawa butu umefika kwenye ini. Halafu mwenzako avute pumzi ndefu, kiwambo kinalisukuma ini chini, weka mkono chini ya mbavu usikilizie ukingo wake. Kwa wengi wenu mtakuwa hamlipati kabisa na hiyo ni kawaida.
- Lobu kwa macho: kulia, kushoto, na mbili ndogo za nyuma na chini (kaudeti na kwadreti). Ligamenti ya falsifomu inatenganisha kulia na kushoto kwa mbele, na kamba iliyo ukingoni mwake ni mabaki ya vena ya kitovu ya mtoto akiwa tumboni.
- Lakini mgawanyo unaomsaidia daktari wa upasuaji siyo huo. Mstari wa kweli unatoka kwenye mfuko wa nyongo mpaka vena kava ya chini. Couinaud mwaka 1957 akaligawa ini segimenti 8, kila moja ina tawi lake la vena ya porta, la ateri na la mrija wa nyongo, ndo maana unaweza kukata segimenti moja zilizobaki zikaendelea kufanya kazi. Majina ya zote 8 siyatoi kwenye mtihani, ila hiyo sababu lazima muijue.

2. Damu (dakika 45, hapa ndo moyo wa lekcha, msichelewe)

- Vena ya porta inaleta kama robo tatu ya damu yote. Inaundwa nyuma ya shingo ya kongosho, pale vena ya wengu inapokutana na vena kubwa ya utumbo. Damu yake haina oksijeni nyingi ila imebeba chakula, dawa na sumu zote zilizonyonywa.
- Ateri ya hepatiki inaleta robo iliyobaki, kutoka shina la siliaka. Ni kidogo lakini ina oksijeni nyingi, kwa hiyo kwenye oksijeni hizo njia mbili zinachangia karibu nusu kwa nusu. Jumla ni kama lita 1.5 kwa dakika, robo ya damu inayosukumwa na moyo mtu akiwa amepumzika!!
- Mlangoni pa ini: vena ya porta nyuma, ateri mbele kushoto, mrija wa nyongo mbele kulia. Pringle mwaka 1908 alieleza jinsi ya kubana kifurushi hicho ini linapovuja damu, na ukibana damu ikaendelea kutoka nyingi basi fikiria vena za hepatiki au vena kava yenyewe.
- Ndani: damu za njia zote mbili zinachanganyikana kwenye sinusoidi, zinapita katikati ya seli za ini, zinaingia vena ya kati, kisha vena 3 kubwa za hepatiki, kisha vena kava ya chini. Nyongo inaenda kinyume, kutoka katikati kwenda nje. Choreni mishale, nyekundu na bluu, tena na tena.
- Seli za pembeni (kanda ya 1) zinapata oksijeni kwanza, za karibu na vena ya kati (kanda ya 3) zinaambulia masalia. Hao wa kanda ya 3 ndo wanaoumia kwanza presha ikishuka sana, na ndo wanaoumizwa na panadol iliyozidishwa, kwa sababu vimeng'enya vinavyoigeuza kuwa sumu viko kwao kwa wingi.
- Ini la ng'ombe: tukate kipande kinene mezani. Tundu linalobaki wazi, peke yake, ni vena ya hepatiki. Lililonywea, lina ganda jeupe na vijibomba viwili pembeni, ni tawi la porta.

Kichocho, na hapa naomba utulivu kwa sababu wagonjwa hawa mtawapokea mkiwa field visiwani na kando ya ziwa. Minyoo ya kichocho cha tumbo inaishi kwenye vena za utumbo, mayai mengine yanasombwa na damu ya porta mpaka ini na kukwama kwenye matawi madogo, makovu yanajijenga kuzunguka matawi hayo, damu inakosa njia, presha ya porta inapanda. Wengu unavimba, damu inatafuta njia za pembeni: chini ya umio, kwenye puru, kuzunguka kitovu. Za umio zikipasuka mtu anatapika damu. Na seli za ini mara nyingi bado ziko salama, kwa hiyo mvuvi anaweza kutapika beseni la damu na macho yake ni meupe kabisa, msidanganyike.

3. Kazi (dakika 35)

- Sukari: baada ya kula linaweka akiba ya glikojeni, kama gramu 100, usiku linairudisha, ikiisha linatengeneza sukari kutoka kwa asidi amino.
- Protini: albumini, na vitu vya kugandisha damu. Kitu namba 7 kinaisha haraka, nusu yake ndani ya saa 6 hivi, albumini inachukua wiki karibu 3. Kwa hiyo ini likifeli ghafla, kipimo cha kuganda damu kinaharibika mapema wakati albumini bado inaonekana nzuri.
- Amonia inageuzwa yurea, ikishindikana mgonjwa anachanganyikiwa.
- Bilirubini kutoka chembe nyekundu zilizozeeka inaunganishwa na kutolewa na nyongo. Nyongo ni mililita 600 hadi 1000 kwa siku, inasaga mafuta. Bilirubini ikijaa, macho yanakuwa njano.
- Dawa na pombe, akiba ya vitamini A na B12 na chuma: tutapita haraka, famakolojia watawapa zaidi.

4. Kazi ya nyumbani, Alhamisi

Kurasa mbili, kwa mkono, msikopiane. Mwanaume wa miaka 34 kutoka Ukerewe ametapika damu, wengu umevimba, macho meupe, albumini kawaida. Chora njia ya damu kutoka wengu mpaka umio, uonyeshe imeziba wapi, halafu eleza kwa nini hana manjano.