Kabla ya Safari ya Hija: Maandalizi kwa Mahujaji wa Mwanza

(PICHA: Asubuhi, barabara ya Capri Point. Mama wa makamo na mwanawe wanatembea kwa mwendo wa haraka, ziwa likiwa pembeni.)

MSIMULIZI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zetu mliojaaliwa kutia nia ya kwenda Hija, anzeni na miguu. Saʼyi peke yake, baina ya Safa na Marwa, ni mizunguko saba ya takriban kilomita tatu, na hiyo ni mbali na tawafu na safari za Mina, Arafa na Muzdalifa. Tembeeni kila siku kuanzia miezi mitatu kabla, kwa viatu vile vile mtakavyosafiri navyo.

(PICHA: Chupa ya maji, mwavuli, dawa za shinikizo la damu.)

Sisi tuliozoea upepo wa ziwa hatulijui joto la Makka. Mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Wengi wao hawakuwa na kibali, hivyo walitembea mbali juani bila hema wala usafiri. Kunyweni maji kabla ya kiu, chukueni mwavuli, na mzee akianza kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu, apelekwe kivulini, amwagiwe maji na aitiwe mhudumu wa afya mara moja.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari wake mapema, kisha abebe dawa za safari nzima, pamoja na cheti cha daktari, katika mkoba wa mkononi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti, na ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili.

(PICHA: Pasipoti na kadi ya chanjo mezani.)

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, na jina lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA. Msikubali kupelekwa kwa viza ya matembezi, hata bei ikiwa nafuu kiasi gani. Wakala atakayewaambia kwamba inatosha anawahadaa, kwani Hija haifanywi bila kibali chake.

(PICHA: Baba anaandika wasia, mkewe ameketi karibu.)

Lipeni madeni, au muwaombe wadai ridhaa, muandike wasia na muwaendee mliokosana nao. Wala msingoje kufika ndipo mjifunze ibada. Mkae na shehe wa msikiti wenu mpaka mzijue nguzo za Hija na makatazo ya ihramu, yakiwemo manukato, hata yaliyomo kwenye sabuni.

(PICHA: Shuka mbili nyeupe zinakunjwa.)

Wanaume wanaoruka moja kwa moja hadi Jeda waziweke shuka za ihramu katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku, kwa sababu mikati, yaani mahali pa kutilia nia ya ihramu, hupitwa ndege ikiwa angani.