Andalio la Kipindi: Kuchora Avata ya Mwenzako kwa Inkscape

Klabu ya TEHAMA, Kidato cha Pili. Jumatano, saa 9:00 hadi 10:20 alasiri, maabara ya kompyuta. Wanafunzi 24, kompyuta 8, watatu kwa kila moja.

Lengo. Kila kikundi kitoke na avata moja ya katuni ambayo darasa zima litamtambua mwenyewe bila kutajiwa jina. Shuleni kwetu hilo si jepesi: wote wamenyoa, wote wamevaa shati jeupe. Nywele na nguo hazisaidii kitu. Lazima watazame uso.

Vifaa. Inkscape imeshawekwa kwenye kompyuta zote. Ni ya bure, na haihitaji intaneti, hivyo bando likiisha kipindi kinaendelea. Kamera ni moja, ya klabu, kwa kuwa simu haziruhusiwi. Fomu za ridhaa za wazazi zilirudi Ijumaa. Wanafunzi wawili hawakuleta, na hao hawapigwi picha. Kikundi kikikosa wa kumchora, picha yangu ipo. Wachore wanavyotaka, hata kitambi.

Dakika 10: Utangulizi. Nitabandika ubaoni katuni ya gazetini ya mwanasiasa anayejulikana, jina limefunikwa. Wataje ni nani, kisha waseme wamemjuaje. Jibu "amefanana tu" silikubali. Nataka "kidevu", "nyusi", "mwanya". Hapo hapo tunaweka kanuni: anayechorwa hukaa mbele ya skrini, na akisema "hapo futa", panafutwa bila mjadala. Utani una mipaka. Kovu, chunusi na rangi ya ngozi si vya kuchekea.

Dakika 10: Picha. Tunapiga varandani, si kwenye jua kali wala ndani penye giza. Uso uelekee kamera moja kwa moja, usinyanyuke.

Dakika 35: Kuchora. Nitaonyesha hatua moja, wafanye, ndipo niendelee. Mwezi uliopita nilionyesha zote kwa mkupuo, nikatumia muda wote uliobaki kuzunguka meza hadi meza.

Picha inaingizwa kwa `File > Import`. Kisanduku kikiuliza, wachague `Link`, wasichague `Embed`. Hili nilisisitize: ukichagua `Embed`, picha halisi inabebwa ndani ya faili la SVG, na yeyote atakayepewa katuni atapewa na sura. Kwenye `Layers and Objects` wapunguze `Opacity` ya picha hadi asilimia 50, waifunge kwa kufuli, kisha waongeze leya mpya juu yake. Wakisahau kufuli, picha itakimbia kila wanapoburuta kipanya.

Kalamu ni herufi `B`. Kubofya kunatoa mstari mnyoofu. Kubofya na kuburuta kunatoa mpindo. Kurudi kwenye nukta ya kwanza kunafunga umbo. Uso mzima utoshe kwa nukta nane au kumi. Wenye nukta arobaini wanapata uso wa viazi. Wabonyeze `N`, wachague zilizozidi na kuzifuta. Ushungi uchorwe kama umbo moja lenye tundu la uso juu yake.

Macho: duaradufu kwa `E`, nakala kwa `Ctrl+D`, waiburute hadi penye jicho la pili, kisha `H` kuigeuza. Halafu wavuruge ulinganifu kidogo, maana hakuna mtu mwenye macho mawili sawasawa.

Rangi ya ngozi huchotwa kwa `D`, baada ya kurudisha `Opacity` ya picha kwenye asilimia 100, la sivyo itatoka imepauka. Wachote shavuni, si kwenye paji linalong'aa. Kivuli kiwe rangi ileile iliyokolezwa, si nyeusi.

Atatokea mjanja atakayeigundua `Trace Bitmap`, inayogeuza picha yenyewe kwa sekunde chache. Nimruhusu aonyeshe, kisha nimwambie arekebishe pua peke yake. Akikutana na mamia ya nukta atarudi kwenye kalamu.

Dakika 15: Kutambuana. Kila kikundi kifiche kwanza picha iliyo chini ya mchoro, kisha kitoe PNG ya pikseli 512 kwa 512 kupitia `Export`. Faili lisipewe jina la mtu, bali namba ya kikundi. Tunazionyesha ukutani kwa projekta, darasa linaandika majina kwenye karatasi. Umeme ukikatika, tunahamia kwenye penseli: kila mtu amchore jirani yake kwa mistari isiyozidi kumi.

Tathmini. Alama 10: sita kwa kutambulika (idadi ya waliopatia), mbili kwa maumbo yaliyofungwa vizuri, mbili anatoa mwenye sura mwenyewe. Akikataa kazi kutundikwa, haitundikwi, na kikundi hakipotezi alama zile nane.

Dakika 10: Kufuta. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mtu si mali ya klabu kuizungusha. Picha zote zinafutwa kwenye folda, kwenye pipa la takataka la kompyuta na kwenye kadi ya kamera. Katibu wa klabu anakagua mashine moja moja, mimi nakagua kamera, ndipo mlango ufunguliwe.